Jinsi ya Kuhesabu Mahudhurio Bila Kuandika Majina

Vikundi vya usaidizi vya watu wanaoishi na VVU huhitaji kuonyesha ni watu wangapi wanaohudhuria, ili bajeti ya chai na ukumbi ipangwe. Hata hivyo, daftari la majina likisahaulika mezani huweza kufichua hali ya mtu kwa kijiji kizima. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006 inalinda usiri huo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitaja habari za afya kuwa data nyeti.

Njia rahisi ni kopo lenye tundu kwenye kifuniko, likiwekwa mlangoni pamoja na bakuli mbili. Aliyewahi kuhudhuria hutumbukiza punje moja ya hindi, naye anayekuja kwa mara ya kwanza hutumbukiza haragwe moja. Mwezeshaji na wageni hawatumbukizi chochote. Mkutano ukiisha, watu wawili hufungua kopo, huhesabu, kisha huandika tarehe, idadi ya mahindi na idadi ya maharagwe tu.

Chukulia kikundi kilichokutana mara nne kwa mwezi na kupata watu 14, 17, 12 na 15. Jumla ni mahudhurio 58, wala si watu 58, kwa kuwa wengi walirudi. Maharagwe yalikuwa 2, 3, 0 na 1, na hayo yanaweza kujumlishwa: wanachama wapya ni 6, kwani kila mmoja huwa mpya mara moja tu. Mkutano wa pili ulikuwa na watu 17, na yule mpya wa mkutano wa nne hakuwamo. Kwa hiyo kikundi kilihudumia watu wasiopungua 18. Idadi kamili haijulikani, na ripoti inapaswa kusema hivyo.

Kosa la kawaida ni waliochelewa kupita bila kutumbukiza punje. Mwezeshaji ahesabu vichwa katikati ya mkutano; hesabu ikizidi ya kopo, mlango haukusimamiwa vyema.

Majina pia huweza kupenya kwa njia nyingine. Nauli ikirudishwa kwa M-Pesa, jina na nambari ya simu hubaki kwenye rekodi. Ni salama zaidi fedha hizo zinunue chai, na kiongozi atie sahihi risiti moja ya jumla. Vilevile, ripoti isigawanye hesabu ndogo kwa jinsia au umri: kikundi chenye mwanamume mmoja kikiandika "wanaume 1", wanakijiji watamtambua mara moja.

Faili ya matibabu kliniki ni jambo tofauti. Huko jina huandikwa ili mgonjwa apate dawa, na faili hiyo haipaswi kuletwa kwenye mkutano wa kikundi.