Vipuri Vinavyolala Rafuni

Filta ya oili huuzwa kila siku, hivyo kukisia mauzo ya mwezi ujao si kazi kubwa. Kinachomsumbua muuza vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, ni ile beringi ya aina moja ya lori: miezi mitatu au minne haiulizwi na mtu, kisha fundi mmoja anazoa nne kwa mkupuo.

Wengi hutumia wastani unaosogezwa kila mwezi. Tuseme makadirio ya kuanzia ni beringi 1 kwa mwezi, nasi tunayasogeza kwa asilimia 20 ya tofauti kati yake na mauzo halisi. Baada ya miezi minne mitupu yanashuka hadi 0.41. Mwezi wa tano zinauzwa nne, yanaruka hadi 1.13. Yaani huwa chini kabisa mteja anapokaribia, na juu kabisa akishaondoka. Anayeagiza mzigo kila anapouza huangukia kwenye kilele hicho, akajaza rafu bure.

Mwaka 1972 J. D. Croston aligawa swali hilo mara mbili: mteja akija huchukua ngapi, na kati ya mauzo na mauzo hupita muda gani? Kila swali lina wastani wake, na hauguswi mpaka mauzo yatokee. Tuanze na beringi 3 kila baada ya miezi 3. Zikiuzwa nne baada ya miezi mitano, kwa asilimia ileile 20, kiasi kinakuwa 3.2 na muda miezi 3.4. Gawa, upate 0.94 kwa mwezi.

Hata hivyo, kugawa kwa wastani wa muda huzidisha makadirio kidogo. Syntetos na Boylan walionyesha hivyo, na mwaka 2005 wakatoa marekebisho mepesi: zidisha jibu kwa 1 ukitoa nusu ya ile asilimia. Hapa ni 0.9, tunabaki na 0.85.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwingine. Malori yale yakitoweka barabarani, Croston atang'ang'ania 0.94 hata miaka kumi, kwa kuwa hakuna mauzo ya kumzindua. Njia ya Teunter, Syntetos na Babai ya mwaka 2011 hupunguza uwezekano wa mauzo kila mwezi mtupu. Ukipungua kwa asilimia 10 kila mwezi, makadirio ya 1 yatakuwa 0.28 baada ya mwaka mmoja. Kwa vipuri vya magari yanayozeeka, ningechagua hii.

Lakini 0.85 si idadi ya kuweka stoo. Mzigo ukichukua miezi mitatu kufika, wastani wa kipindi hicho ni beringi 2.5, na fundi wa nne zake atakuta pungufu. Basi kwenye leja usiandike mauzo peke yake; andika pia kila mteja aliyeuliza akakosa, maana bila hivyo mwezi huo utahesabiwa mtupu na makadirio yatazidi kushuka.