Cherehani ya Bibi na Miaka Minne Iliyorukwa

Mwaka 2013 familia moja ya Kichina, iliyotawanyika hadi Marekani na Japani, ilikusanyika katika mji wa Changchun kwa ajili ya harusi. Harusi yenyewe ilikuwa kisingizio. Bibi wa familia alikuwa amegundulika kuwa na saratani ya mapafu, madaktari wakampa miezi mitatu tu, na wanawe wakakubaliana asiambiwe. Wakaiharakisha ndoa ya mjukuu wa kiume ili ndugu wote wapate sababu ya kuja kumuaga bila yeye kujua kwamba anaagwa.

Mjukuu mwingine katika ukoo huo, Lulu Wang, alikuwa mwongozaji filamu chipukizi huko Marekani. Alikisimulia kisa hiki redioni mwaka 2016, na Januari 2019 kikaonyeshwa katika tamasha la Sundance kikiwa filamu kamili, The Farewell. Waandishi wengi wanaotamani kuandika skripti kuhusu bibi zao wangefaidika kuitazama wakiwa na kalamu mkononi. Si kwa sababu ya machozi, bali kwa sababu ya yale ambayo Wang aliyaacha nje.

Aliacha karibu maisha yote ya bibi. Katika utengenezaji wa filamu, ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kuwa takriban dakika moja kwenye skrini, na filamu hii ina dakika 100 hivi. Ndani ya dakika hizo humo utoto wa bibi, humo ndoa yake, humo uzazi. Ujana wake wa jeshini unaguswa kwa maneno machache tu. Tunachopewa ni siku chache za maandalizi ya harusi na swali moja linalotubana kooni: je, siri itavuja? Anayeanza kuandika kuhusu bibi yake kwa kawaida hufanya kinyume. Huanza na kuzaliwa, akaja shule, akaja ndoa, na kufikia ukurasa wa 60 bibi ana watoto sita na hakuna mtazamaji anayejua anasubiri nini.

Kufupisha ni jambo moja. Kubadilisha ni jingine. Wang amesimulia kwamba baadhi ya watayarishaji wa Marekani walitaka mjukuu wa kike ndiye awe bibi harusi, na upande wa China kukawa na waliotaka apewe mchumba Mzungu. Kwa macho ya haraka ni mabadiliko madogo. Lakini mjukuu akiwa bibi harusi, swali la filamu linahama. Hatuulizi tena kama siri itavuja. Tunauliza kama harusi itafana. Na uzito wa kisa ulitokana na nafasi ya Wang mwenyewe: mtu aliyelelewa ugenini, asiyekubaliana na uongo ule, ambaye hata hivyo hana sauti ya kuuvunja. Alikataa.

Hata hivyo naye alibuni. Mhusika anayesimama badala yake, Billi, si mwongozaji filamu. Ni mwandishi anayehangaika New York, na mapema kwenye hadithi anapata barua ya kunyimwa ufadhili aliouomba. Hamwambii bibi. Anapopanda ndege kwenda China kuulalamikia uongo wa familia, tayari na yeye amebeba wake. Tukio la kubuni limewekwa lifanye kazi ile ile inayofanywa na tukio la kweli, na ndiyo maana halionekani kama kiraka.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu, ingawa ni wa babu. Mwaka 2004 Kimani Maruge aliandikishwa darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na miaka 84. Yeye mwenyewe alikuwa akieleza kwamba alitaka kujisomea Biblia, maana hakuwa na uhakika kama wahubiri walikuwa wakimsomea sawasawa. Katika filamu ya The First Grader ya mwaka 2010, kinachomsukuma ni barua rasmi aliyonayo na anayotaka kuisoma kwa macho yake. Barua ina faida kwa mwandishi wa skripti: inashikika, inakunjwa mfukoni, na mtazamaji anangoja ifunguliwe. Lakini lile shaka la mzee kwa wahubiri, ambalo lina ucheshi na ukaidi wake, limepungua nguvu. Mwandishi wa makala haya angelibakiza lishike usukani.

Sasa tuje nyumbani, kwa bibi wa mfano. Tuseme anaishi karibu na Muheza, na mjukuu wake amemrekodi kwa simu. Bibi anasema mwaka wa yanga aliuza cherehani yake ili watoto wale. Baadaye anasema mume wake alikwenda vitani na aliporudi akaikuta meza tupu. Mjukuu anaposikiliza anaona sini nzima kichwani: vita, njaa, mwanamke peke yake usiku, cherehani inatoka mlangoni.

Tatizo ni kalenda. Wazee wengi hawahesabu kwa tarakimu. Wanahesabu kwa njaa, mafuriko, kuzaliwa kwa fulani. Yanga, yale mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka nje wakati wa uhaba wa chakula, inatupeleka kwenye miaka ya 1974 na 1975. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Kati ya cherehani kuuzwa na mume kurudi kuna miaka minne hivi. Bibi hakusema uongo. Aliyaweka mambo mawili karibu kwa sababu ndani ya kumbukumbu yake yamekaa pamoja.

Kwa hiyo mjukuu anarudi kwake, safari hii bila kuuliza alijisikiaje. Swali hilo huzaa majibu ya jumla, kwamba hali ilikuwa ngumu, tulimwachia Mungu. Anauliza cherehani ilikaa upande gani wa chumba. Nani aliibeba? Ilibebwa kichwani au kwa baiskeli? Siku hiyo mtoto wa mgongoni alikuwa nani? Jibu la swali la mwisho ni dhahabu, maana mtoto huyo ana kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, na hapo mwaka unapatikana. Anauliza tena baada ya wiki tatu, kisha anamuuliza mdogo wake bibi bila wao kukaa pamoja. Wakitofautiana kuhusu bei, si neno. Wakitofautiana kuhusu nani aliyenunua, kuna jambo.

Na kweli kuna jambo: tuseme mnunuzi alikuwa shemeji yake, ndugu wa mume.

Hapo vishawishi vinakuwa viwili. Kwanza, kusogeza njaa iangukie kipindi cha vita. Mjukuu akifanya hivyo, kila mtazamaji aliyekula ugali wa yanga atatikisa kichwa na kuacha kuamini hata yale ya kweli. Kumbe dawa iko ndani ya ukweli wenyewe: ruka miaka minne. Kata kutoka cherehani inapotoka mlangoni hadi mume anapoingia mlango ule ule akitokea vitani. Mtazamaji haonyeshwi kipindi cha katikati, lakini anakihisi kwa sababu mtoto wa mgongoni sasa anatembea. Kwenye karatasi inaweza kuandikwa hivi:

NDANI. CHUMBA CHA MBELE – JIONI, 1979

Mume anaweka begi la jeshi sakafuni. Anaitazama meza iliyo karibu na dirisha. Juu yake kuna alama nne za miguu ya cherehani, mbao pale bado ina rangi mpya.

MUME
Iko wapi?

MKE
(akimnawisha mtoto mikono)
Uliikalia hiyo miezi mitatu kabla hujaondoka, hukuuliza.

Angalia kilichotokea. Alama za mezani huenda bibi alizitaja, huenda hakuzitaja. Maneno yale hakika hakuna anayeyakumbuka, na hilo linaruhusiwa; hakuna skripti ya kweli inayoweza kuandikwa bila mazungumzo ya kutunga. Lakini jibu la mke limeleta hitilafu. Kama cherehani iliuzwa wakati wa yanga na mume akaondoka mwishoni mwa 1978, basi aliikalia meza tupu kwa miaka mitatu na zaidi, si miezi. Ama mume alikuwa akifanya kazi mbali muda wote huo, kwa mfano kwenye mashamba ya mkonge ya wilaya nyingine, ama bibi amechanganya nani aliyeikuta meza tupu. Mjukuu analazimika kurudi kuuliza. Mara nyingi ni sini inayofichua tundu ambalo masaa ya kurekodi hayakulionyesha, kwa sababu kwenye sini mtu lazima awe amesimama mahali fulani siku fulani.

Kishawishi cha pili ni kumfanya shemeji kuwa mwovu. Filamu inataka mpinzani, naye yuko tayari: ana pesa, na kaka yake hayupo. Bibi amesema alilipa debe mbili za unga na fedha kidogo. Mwandishi akipunguza iwe debe moja, na kumweka shemeji akitabasamu wakati anafunga cherehani kwenye baiskeli, amemshtaki mtu mwenye watoto wanaoishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Ubunifu unaohamisha lawama si sawa na ubunifu unaohamisha meza. Akitaka mpinzani, na aijenge njaa yenyewe: chungu, foleni ya mgao, kilo zinazopungua kila wiki. Au amuunganishe shemeji na majirani wengine wawili kuwa mhusika mmoja mwenye jina na ukoo mwingine kabisa, halafu atangaze mwanzoni kwamba baadhi ya wahusika ni wa kubuni.

Rasimu ikiisha, isomwe kwa sauti mbele ya bibi, na si muhtasari wake. Msomaji aweke alama pale bibi anaposahihisha kitu, mathalani kwamba hawakuwa na dirisha upande huo, na alama nyingine pale anaponyamaza. Masahihisho ya vitu hufanyiwa kazi siku hiyo hiyo. Ukimya huulizwa taratibu, wengine wakishatoka chumbani, na akisema jambo lile lisiingie, haliingii, hata kama ndiyo sini bora kuliko zote.

Lulu Wang hakuweza kumsomea bibi yake rasimu, maana kuisoma kungekuwa kuivunja siri. Alipiga picha mjini Changchun, katika mtaa alioishi bibi mwenyewe, na tukio la makaburini akalipiga kwenye kaburi halisi la babu yake. Bibi alikuwa bado hai, miaka kadhaa baada ya ile miezi mitatu ya madaktari. Mdogo wake bibi, Lu Hong, ambaye katika maisha ya kweli alikuwa miongoni mwa waliousimamia uongo huo, alipewa nafasi ya kuigiza mhusika wa mdogo wake bibi, yaani yeye mwenyewe. Akarudia mbele ya kamera yale aliyoyafanya mwaka 2013, huku dada yake akiwa hapo hapo mjini na hajui filamu inahusu nini.