Mahindi au mtama? Mti wa maamuzi wa shamba la Moding

Kabla ya mvua za masika, mkulima wa Moding, Kenya, mwenye ekari moja hutafakari swali moja: apande mahindi au mtama? Mti wa maamuzi humsaidia kulichora swali hilo kwenye karatasi.

Chora mraba mdogo upande wa kushoto. Hapo ndipo anapochagua mwenyewe. Kutoka humo toa matawi mawili, mahindi na mtama. Mwisho wa kila tawi chora duara, kwa sababu kuanzia hapo mvua ndiyo inayoamua. Kila duara huzaa tawi la mvua nzuri na tawi la mvua haba.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mbegu, mbolea na vibarua vya mahindi vinagharimu shilingi 14,000, na gunia linauzwa 3,000. Mvua ikiwa nzuri anavuna magunia 14, faida 28,000. Ikiwa haba anapata magunia mawili, hasara 8,000. Mtama, ambao hauhitaji gharama kubwa, unampa faida ya 18,000 mvua ikiwa nzuri na 5,000 ikiwa haba.

Sasa uwezekano. Akikumbuka misimu 10 ya masika na kuona 6 ilikuwa mizuri, anaandika 0.6 na 0.4. Hesabu huanzia kulia kurudi kushoto: kila faida inazidishwa kwa uwezekano wake, kisha matokeo yanajumlishwa. Mahindi yanatoa 16,800 ukitoa 3,200, yaani 13,600. Mtama unatoa 10,800 na 2,000, yaani 12,800. Mahindi yanashinda kwa 800 tu.

Lakini huenda msimu mmoja kati ya ile mizuri haukuwa mzuri kama anavyoukumbuka. Uwezekano ukiwa 0.5, mahindi yanashuka hadi 10,000 na mtama unabaki na 11,500. Mahindi na mtama hulingana pale uwezekano wa mvua nzuri unapokaribia 0.57. Kwa hiyo kazi kubwa ni kujua mvua iko upande upi wa namba hiyo, na utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya unafaa kulinganishwa na kumbukumbu za majirani.

Mti huu unaacha mengi nje. Gugu la kayongo hunyonya mizizi ya mahindi na mtama hata mvua ikiwa nzuri, na ndege wa kwelea huvamia mtama unapokomaa; shamba lenye historia hiyo linahitaji duara jingine la ziada. Tena 13,600 ni wastani wa misimu mingi. Msimu huu mkulima atapata 28,000 au atapoteza 8,000, na kama hasara hiyo ingemfanya auze ng'ombe wa kulimia, mimi ningemshauri mtama hata pale mahindi yanapoongoza.