Kinachorudi Bure na Kinachorudi kwa Bando

Kijana mmoja wa Mackinnon Road, pale malori ya barabara kuu ya Mombasa yanapovuma usiku kucha, aliniletea Mac yake ya gigabaiti 256. Zilibaki gigabaiti 3 tu na Xcode ilikuwa imegoma. Alitaka kufuta folda nzima ya Developer. Nikamzuia. Intaneti yake ni ya bando la simu, kwa hiyo kabla ya kufuta chochote alipaswa kujua kitarudi vipi.

Tulianza kwa kupima:

```
du -sh ~/Library/Developer/Xcode/*
```

Folda nzito kuliko zote ilikuwa iOS DeviceSupport, gigabaiti 31. Ukichomeka simu yenye toleo jipya la iOS, Xcode hunakili humo faili za mfumo zinazoisaidia kusoma hitilafu. Simu ikisasishwa, huongezwa folda nyingine, na ile ya zamani haiondolewi. Yeye alikuwa nazo sita kwa simu ile ile moja. Majina ya folda hutaja toleo, basi tukabakiza la sasa. Hata tungekosea, faili zingenakiliwa upya kutoka kwenye simu kwa waya, bila bando.

DerivedData ilikuwa na gigabaiti 24. Haya ni mabaki ya ujenzi wa programu, na Xcode huyatengeneza upya kutokana na msimbo wako. Gharama yake ni subira ya ujenzi wa kwanza. Lakini mna SourcePackages pia, yaani maktaba zilizopakuliwa mtandaoni. Ndiyo maana tulifunga Xcode, tukafuta folda za miradi aliyokwisha kuiacha, tukauacha ule anaoufanyia kazi.

Kwenye simuleta wengi huandika amri hii, kisha wakashangaa nafasi haijarudi:

```
xcrun simctl delete unavailable
```

Amri hiyo huondoa simuleta ambazo Xcode ya sasa haiwezi tena kuziendesha. Matoleo yenyewe ya iOS, ambayo moja laweza kufika gigabaiti 7, hubaki. Hayo huondolewa ndani ya Xcode, sehemu ya Settings, kisha Components. Kijana alikuwa na mawili, na wateja wake bado wanatumia yote mawili. Hatukuyagusa, maana hayo ndiyo hasa yanayorudi kwa bando.

Archives nayo tuliiacha, gigabaiti zake 2 zote. Humo mna faili za dSYM za programu aliyokwisha kuipeleka App Store. Zikipotea, ripoti ya programu kuanguka kwa mteja humfikia kama safu ya namba tupu, na kuijenga programu upya hakusaidii, kwani dSYM mpya kwa kawaida hailingani na programu iliyokwisha kutoka.

Tulipomaliza, diski ilionyesha gigabaiti 3 zile zile. Vyote vilikuwa bado kwenye Trash. Alipoimwaga, zikawa 48.