Hesabu ya Ujira wa Mama Anayerejea Kazini: Mfano wa Sumbawanga

Katika uwanda wa Ufipa, mke anayeitwa mama wa nyumbani hakosi kazi. Mbali na malezi, hushiriki kilimo cha ntumba, ambapo mwishoni mwa msimu wa mvua nyasi hufukiwa kwa jembe ndani ya matuta ya mviringo ili zioze na kurutubisha udongo. Kwa hiyo, anapotaka kurejea katika kazi ya ujira mjini Sumbawanga, swali la mumewe kuhusu nani atazifanya kazi hizo lina msingi. Kasoro imo katika namna anavyopiga hesabu.

Ichukuliwe kwamba mke atalipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, na msaidizi wa nyumbani pamoja na kibarua wa shamba watagharimu 180,000. Mume huitoa gharama yote katika ujira wa mke, akahitimisha kuwa 120,000 zinazobaki hazistahili usumbufu.

Hata hivyo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwajibisha mume kumtunza mkewe na watoto. Hivyo gharama hiyo ni ya kaya. Ikiwa mume hupata 600,000 na gharama ikagawanywa kwa uwiano wa vipato, fungu la mke ni 60,000. Aidha, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kwa mantiki hiyo, 180,000 si hasara iliyoletwa na ajira, bali ni thamani ambayo mke alikuwa akiitoa bila kuhesabiwa.