Fani Nne Katika Safari ya Mgonjwa Mmoja

Vijana wengi wanaochagua masomo ya afya hulinganisha fani kwa kuangalia ajira na mshahara. Kipo kipimo kingine kinachofaa zaidi: ni kosa la aina gani ambalo kila fani imepewa jukumu la kulizuia? Mfano wa mgonjwa mmoja unaweza kuonyesha tofauti hiyo.

Tuchukue mkulima wa Bahi, mwenye umri wa miaka 50, aliyeanguka akiwa abiria wa bodaboda na kuletwa hospitalini Dodoma akiwa amevunjika paja. Ana shinikizo la juu la damu, na kila siku hutumia losartani pamoja na dawa ya kuongeza mkojo.

Wa kwanza kumpokea baada ya daktari ni mtaalamu wa radiografia. Paja hupigwa picha za pande mbili, mbele na ubavuni, kwa kuwa mfupa unaoonekana umenyooka upande mmoja huweza kuwa umepinda upande wa pili. Picha hizo hujumuisha pia nyonga na goti, maana mvunjiko wa katikati ya paja huweza kuambatana na ufa karibu na nyonga, ambao ni rahisi kuukosa. Alama ya kulia au kushoto ikiwekwa vibaya, daktari wa upasuaji anaweza kupotoshwa. Anayefaa kazi hii hupenda fizikia na mitambo, na yuko tayari kuheshimu mionzi: huvaa kipimo chake kila siku, na usomaji wake hufuatiliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Mvunjiko wa paja huweza kumwaga lita moja ya damu au zaidi ndani ya misuli bila tone kuonekana nje. Hapo huingia mteknolojia wa maabara. Hutambua kundi la damu la mgonjwa, kisha huchanganya sampuli yake na damu ya mchangiaji kuona kama zinapatana. Hatari kubwa mara nyingi haitokani na kipimo chenyewe, bali na kichupa kilichoandikwa jina la mgonjwa mwingine. Damu ya kundi lisilopatana huweza kuua. Kwa hiyo mteknolojia hukataa sampuli yenye jina lisilolingana na fomu, hata akihimizwa kuharakisha. Fani hii humfaa kijana mtulivu, asiyechoshwa na utaratibu uleule, na asiyesikitika kwamba mgonjwa hataijua sura yake.

Baada ya upasuaji, karatasi ya dawa hufika kwa mfamasia. Imeandikwa diklofenaki ya maumivu. Kwa mgonjwa mwingine ingefaa. Kwa huyu, diklofenaki ikikutana na losartani na dawa ya kuongeza mkojo, figo huweza kuzidiwa, hasa kwa mtu aliyepoteza damu. Mfamasia hugundua jambo hilo kwa kuuliza swali moja: nyumbani unatumia dawa gani? Kisha humpigia daktari na kupendekeza dawa nyingine. Kazi hii humtaka mtu anayependa kemia, na mwenye ujasiri wa kuhoji maandishi ya mkubwa wake kwa adabu.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko wote. Humwanzisha kukaza misuli ya paja akiwa kitandani, kisha humpimia magongo. Kati ya kichwa cha gongo na kwapa huachwa nafasi ya vidole viwili au vitatu, na uzito hubebwa na mikono. Mgonjwa akiegemea kwapa kwa wiki kadhaa, neva hubanwa na kiganja huanza kulegea. Dalili hiyo ikionekana, magongo hurekebishwa mara moja. Mtaalamu huuliza pia choo cha nyumbani kikoje, kwa sababu goti lisilokunjika halimwezeshi mtu kuchuchumaa. Matokeo hapa huja polepole, na huhitaji mtu mwenye subira na mazungumzo.

Njia za kuingia nazo hutofautiana. Stashahada huchukua miaka 3 baada ya kidato cha nne, na kemia na baiolojia ndizo nguzo; radiografia hudai fizikia pia. Shahada ya famasi ni miaka 4, ikifuatiwa na mwaka wa mafunzo kazini. Si kila chuo hufundisha fani zote: kwa fiziotherapia, KCMC ya Moshi ni kituo cha siku nyingi, hivyo kijana wa Dodoma ahesabu gharama ya kuishi mbali. Kabla ya kulipa ada, athibitishe kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET au TCU, na kwamba baraza la taaluma husika hukubali cheti chake. Bila usajili wa baraza, mhitimu haruhusiwi kuhudumia mgonjwa.

Mgonjwa naye ana sehemu yake: ataje jina lake kamili damu inapochukuliwa, aonyeshe dawa zake zote, na mjamzito aseme hali yake kabla ya eksirei.