Maji Yasiyojua Ukuta: Kuijenga Ngorongoro kwa Picha ya Kijivu

Ndani ya kreta ya Ngorongoro mna ziwa dogo la magadi, nalo huitwa Magadi kama lile kubwa la Kenya. Kulionyesha kwenye mandhari ya kompyuta ni kazi inayoonekana nyepesi: unajenga ardhi, kisha unalaza bapa la maji kwenye usawa wa ziwa. Ukifanya hivyo ziwa linatokea mahali pake barabara. Ila mji wa Karatu unazama. Oldupai nayo inazama, pamoja na nyika inayoelekea Serengeti, na nyanda zote za juu za Ngorongoro zinageuka kisiwa. Programu haijakosea popote. Imefanya hesabu iliyoagizwa, na hesabu yenyewe ni fupi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mwanzo wake ni picha ya rangi za kijivu. Kila pikseli ya picha hiyo inawakilisha kipande cha ardhi, na mwanga wake unawakilisha mwinuko: nyeusi ni pahali pa chini kabisa, nyeupe ni kilele. Wengi huichora kwa mkono au huiacha kompyuta itunge milima ya kubuni, na kwa michezo ya video hiyo inatosha. Kwa Ngorongoro hakuna haja ya kubuni. Mnamo Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena za rada, nyingine ndani ya chombo na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60, kikapima miinuko ya takriban asilimia 80 ya nchi kavu. Vipimo vya kina, vyenye nukta moja kila mita 30 hivi, vilianza kutolewa kwa umma nje ya Marekani mwaka 2014, na bara la Afrika ndilo lililotangulia.

Vipimo hivyo vimekatwa katika miraba ya digrii moja. Mraba tunaouhitaji unaitwa `S04E035`, jina linalotaja kona yake ya kusini-magharibi: latitudo 4 kusini, longitudo 35 mashariki. Una pikseli 3601 kwa 3601. Ndani yake mna kreta yote, mna Karatu, mna Ziwa Manyara lililo kwenye mita 960 hivi juu ya usawa wa bahari, na mna mlima Loolmalasin unaopita mita 3,600. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mraba huo ni mraba kweli, kilomita 111 hivi kila upande. Kipande kama hicho cha Ulaya kingekuwa kimebanwa kwa upana, na anayesahau kukirekebisha hupata milima iliyotanuka upande mmoja.

Faili hilo lina mita, na picha inataka kijivu. Hapo lazima uamue nyeusi iwe mita ngapi na nyeupe iwe ngapi. Nachagua 900 na 3,700, ili chini na juu kubaki nafasi kidogo. Programu ya GDAL inamaliza kazi hiyo kwa mstari mmoja:

```
gdal_translate -of PNG -ot UInt16 -scale 900 3700 0 65535 S04E035.hgt ardhi.png
```

Namba mbili za kwanza, 900 na 3700, ziandike mahali usipozisahau, kwa sababu picha yenyewe haizibebi. Ukikabidhiwa picha ya kijivu bila namba hizo, umekabidhiwa umbo lisilo na kipimo: huwezi kujua kama ni mlima au ni kichuguu.

Neno `UInt16` nalo lina uzito wake. Picha ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 tu za kijivu. Zigawanye mita 2,800 kwa ngazi hizo na kila moja inabeba mita 11. Kwenye mlima huoni kitu, lakini kwenye sakafu ya kreta, ambako ardhi hupanda polepole, utaona matuta yaliyopangana kama ngazi za nyumba, kila moja ikiwa na ukingo mkali. Picha ya biti 16 ina ngazi 65,536, na kila moja inabeba sentimita nne na ushei. Ndiyo maana picha ya namna hii haitumwi kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa njiani, inarudi biti 8 na kuongezewa chembechembe. Itume kama hati.

Sasa ardhi yenyewe. Katika Blender, programu ya bure ambayo wengi wanaanzia, unaweka bapa lenye upande wa 11.1, tukichukulia kipimo kimoja cha programu kuwa kilomita 10. Bapa hilo lina nukta nne tu, moja kila kona, na kinachosogezwa ni nukta. Ukilipa picha sasa hivi zitapanda kona nne na katikati kutabaki tambarare. Kwa hiyo bapa linakatwakatwa kwanza liwe wavu. Mistari 1,000 kwa 1,000 inatoa nukta milioni moja, moja kila mita 111. Kreta yenye upana wa kilomita 16 hadi 19 inapata nukta zaidi ya 140 kutoka ukingo hadi ukingo, na hizo zinatosha kabisa kuifanya itambulike.

Baada ya hapo unaongeza kirekebishi kiitwacho Displace na kukipa picha. Kinachofanyika ni hiki: kwa kila nukta ya wavu, programu inasoma mwanga wa picha mahali hapo, kuanzia 0 hadi 1, inatoa thamani ya Midlevel, inazidisha kwa Strength, kisha inaisukuma nukta juu kwa kiasi hicho. Midlevel huja ikiwa 0.5, maana yake kijivu cha katikati hakisogei na cheusi kinashuka chini ya sifuri. Iweke 0, ili sifuri ya programu iwe mita 900 zetu. Strength ni mita 2,800 kwa kipimo cha kilomita 10, yaani 0.28.

Ukibonyeza hapo utavunjika moyo. Ardhi iliyo sawasawa na uhalisia huonekana bapa mno: eneo la kilomita 111 lenye tofauti ya mwinuko isiyofika kilomita tatu. Aliyesimama ukingoni mwa kreta anaiona imezama sana kwa sababu yuko karibu nayo. Ukiitazama kutoka juu kabisa haimtishi mtu. Karibu kila mtu hukuza mwinuko mara mbili au tatu. Sioni ubaya, mradi msomaji aambiwe. Tuzidishe mara mbili, Strength iwe 0.56.

Kabla ya maji kuna kosa moja la kimyakimya. Programu hudhani kila picha ni ya kutazamwa na macho, hivyo huusahihisha mwanga wake kwa kanuni ya skrini, na kijivu cha 0.5 kinasomeka kama 0.21. Picha yetu ni vipimo, na vipimo havisahihishwi. Usipobadilisha Color Space kuwa Non-Color, ukingo wa kreta wenye mita 2,300 utashushwa hadi 1,500, na sakafu ya mita 1,730 hadi 1,100. Kilele cha Loolmalasin kitabaki karibu pale pale. Ndiyo sababu kosa hili halionekani kwa jicho: mandhari bado ni ya kupendeza, milima imechongoka tu kupita kiasi na nyanda zimelala. Dawa ni kuchagua pahali unapopajua mwinuko wake, kuisoma nukta yake, na kulinganisha.

Usawa wa maji unapatikana kwa hesabu ile ile. Tuseme vipimo vinaonyesha uso wa ziwa la kreta kwenye mita 1,730. Toa 900, zinabaki 830, nazo ni 0.083 ya kipimo chetu. Lakini ardhi tumeikuza mara mbili, kwa hiyo na maji yakuzwe: bapa lilazwe kwenye 0.166. Anayesahau kuzidisha ataona ziwa limetoweka ndani ya kreta huku Eyasi na Manyara yakifurika, kwa kuwa bapa lake liko kwenye mita 1,315.

Hapo ndipo Karatu inapozama. Bapa la maji halimiminiki, halitafuti mteremko, wala halijui kama kuna ukuta kati ya kreta na dunia ya nje. Linajua jambo moja tu: nukta iliyo chini ya usawa huu imefunikwa. Kwa kisiwa kama Mafia, ambako kila kilicho chini kimeunganika na bahari, kanuni hiyo haina madhara makubwa. Kwa bonde lililofungwa ni uongo. Sakafu ya kreta iko juu kuliko nchi inayoizunguka kwa nje, na maji yenye usawa mmoja lazima yafunike nje kwanza.

Suluhisho halihitaji fizikia. Futa bapa kubwa, weka duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 9, yaani 0.9, katikati ya kreta kwa usawa ule ule wa 0.166. Kingo za duara zinaingia ndani ya kuta za kreta na kufichika, na kinachoonekana ni pale tu ambapo ardhi imeshuka chini ya maji. Manyara lipate bapa lake, Eyasi lake. Kila ziwa na usawa wake.

Manyara lina mkasa mwingine. Rada haioni chini ya maji, kwa hiyo vipimo vinaonyesha uso wa ziwa wala si kitako chake. Ukilaza bapa kwenye usawa huo huo, nyuso mbili zinagombea nafasi moja na picha inajaa madoadoa yanayocheza kila kamera inaposogea. Liinue bapa mita moja au mbili. Ukitaka maji yapenyeze mwanga na kina kionekane, itabidi uitie giza sehemu ya ziwa kwenye picha ya kijivu mwenyewe, ukijua kwamba kitako hicho umekibuni.

Ndani ya kreta nako ufuo usiuamini sana. Sakafu imelala kiasi kwamba kosa la mita mbili tu kwenye usawa linaweza kuusogeza ufuo mamia ya mita, na kosa la mita kadhaa ni la kawaida katika vipimo hivi. Msitu wa Lerai unatokeza kama kilima kidogo, maana rada ilirudishwa na matawi kabla ya kufika ardhini. Ziwa lenyewe hupanuka masika na kubaki ukoko mweupe wakati wa kiangazi. Anayetaka ufuo wa tarehe fulani auchore kutoka kwenye picha ya setilaiti ya tarehe hiyo, kisha duara la maji alikate kwa kufuata mchoro huo badala ya kuutegemea mwinuko.